Kosa la jina la mwajiri haliletwi na barua mama

"Natuma maombi ya kazi ya uhasibu sita hadi nane kwa wiki. Juzi nimegundua barua niliyopeleka kwenye shirika moja ina jina la kampuni niliyoiomba kabla yake. Rafiki zangu wanasema niache kutumia barua moja, kila tangazo niliandikie upya. Wako sahihi?"

Hoja yao ina uzito. Anayeanza na karatasi tupu hulazimika kulisoma tangazo vizuri, na barua yake humhusu mwajiri huyo. Lakini ukifika tangazo la tano umechoka, unanakili aya kutoka barua ya jana, na unarudi palepale ulipopakimbia. Tena elimu yako na miaka yako ya kazi havibadiliki. Kuviandika upya kila mara kunakuongezea nafasi za kukosea.

Barua mama, yaani ile barua moja unayoihifadhi na kuitumia kwa kila ombi, inasingiziwa. Jina la mwajiri mwingine hutoka kwenye barua ya mwisho uliyotuma. Wengi wetu hufungua ile ya jana, tukafuta jina, tukaweka jipya na kuhifadhi. Barua hiyo ina majina halisi, na jina halisi likisahaulika, sentensi bado inasomeka vizuri, kwa hiyo jicho linapita. Barua mama ya kweli haina jina la mwajiri yeyote. Panapotakiwa jina pana pengo:

```
YAH: MAOMBI YA KAZI YA [[CHEO]]
Naomba kazi ya [[CHEO]] katika [[MWAJIRI]].
```

Pengo lililosahaulika linaonekana. Zaidi ya hapo, linatafutika: kabla ya kutuma, tafuta `[[` kwenye barua nzima. Ikipatikana hata moja, barua haijakamilika. Kwa barua iliyonakiliwa kutoka ya jana, ungelazimika kukumbuka kila jina la zamani na kila kifupi chake, maana ukitafuta jina kamili la shirika hutakiona kifupi chake kilichokaa aya ya tatu.

Mapengo yanakuepusha pia na balaa la kubadilisha yote kwa mpigo. Tuseme barua ya jana iliomba kazi ya Mhasibu, na ya leo ni ya Mhasibu Mwandamizi. Unafungua `Ctrl+H`, unaandika Mhasibu, kisha Mhasibu Mwandamizi, unabonyeza `Replace All`. Mstari wa YAH umekaa sawa. Lakini ile sentensi isemayo ulifanya kazi miaka 3 kama Mhasibu kwa mwajiri wako wa zamani nayo imegeuka, na sasa unadai cheo ambacho hukuwahi kukishika. Wasifu wako unasema Mhasibu, barua inasema Mwandamizi, na msomaji hatajua kwamba ni kompyuta iliyofanya hivyo. `[[CHEO]]` ikikaa penye kazi unayoiomba tu, historia yako haiguswi.

Kwa Kiswahili kuna mtego mwingine, nao ndio unaonisumbua zaidi: upatanisho. Barua iliyosema "kampuni yenu inayosifika" ikibadilishwa neno moja inakuwa "shirika yenu inayosifika", au "chuo yenu". Jina la mwajiri ni sahihi, lakini mwenye lugha anatambua mara moja kwamba neno limepachikwa. Usiweke pengo hapo. Andika "ofisi yenu" au "taasisi yenu" kote. Maneno hayo yanafaa kwa kampuni, shirika, chuo na hata hospitali bila kugusa kitenzi. Kwa njia hiyo pia jina la mwajiri linabaki sehemu mbili tu, kwenye anwani na kwenye sentensi ya kwanza, na yote mawili unaweza kuyakagua kwa kidole.

Rafiki zako wako sahihi kwenye aya moja: ile inayoeleza kwa nini unaitaka kazi hii. Kwenye barua mama iache iwe `[[SABABU]]`, uiandike upya kila mara, sentensi mbili au tatu zinazojibu jambo lililotajwa kwenye tangazo. Kwa shirika linaloomba mtu wa kuandaa ripoti za wafadhili, eleza ripoti ulizowahi kuandaa.

Kisha toka nje ya barua. Kichwa cha barua pepe na jina la faili navyo hubeba mwajiri wa jana. Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni `Title` iliyo ndani ya `File`, kisha `Info`, kwenye Word. Ukigeuza barua kuwa PDF, maneno yake huenda nayo, na mwajiri akiifungua kwenye kivinjari anaweza kuyaona juu kabisa, kwenye kichupo, hata kama barua yenyewe ni safi. Kwenye barua mama iandikwe "Barua ya maombi ya kazi" tu. Na ukishaigeuza, fungua ile PDF yenyewe uliyoambatisha, uisome anwani, YAH na sentensi ya kwanza huku tangazo liko pembeni.