Kila Nikifungwa, Kompyuta Inazima

Usiku ule wa Alhamisi nyumbani kwetu Kikwajuni tulikuwa tukicheza gemu ya mpira kwenye kompyuta yangu, nikafungwa bao la kwanza dakika ya 9. Kamera ikasogea kuonyesha marudio, nyasi moja moja, nywele za mfungaji zinapepea, halafu pap! Giza. Kompyuta ikazima, ikawaka yenyewe, ikaanza upya kama haijui lolote.

Tukarudia. Nikafungwa, marudio, pap. Mara ya tatu mtoto wa ami yangu akainama chini ya meza na tochi ya simu.

"Vua viatu," akaniambia. "Unabonyeza swichi kwa kidole gumba."

Nikavua. Nikafungwa tena miguu iko juu ya kochi, na ikazima vilevile. Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka ukumbini, akaleta chetezo cha ubani na kukizungusha nyuma ya kesi. Feni zikauvuta moshi wote ndani. Kompyuta ikanukia kama bi harusi, kisha ikazima.

Watu hawakuniamini, lakini sababu ilikuwepo. Mpira ukichezwa, kamera iko mbali na kadi ya grafiki haitoki jasho. Kwenye marudio sura zinaletwa karibu, kazi inapanda ghafla, na kadi inavuta umeme kwa mikupuo ya sehemu ndogo sana ya sekunde inayoweza kupita hata kiwango chake cha kawaida. Ingezima hata kama ningefunga mimi. Bahati mbaya hilo hatukupata nafasi ya kulijaribu.

Asubuhi nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikakuta ujumbe wa Kernel-Power 41 umejipanga kama foleni ya boti bandarini. Ujumbe huo hausemi nani mkosaji. Unasema tu kwamba mashine imekatika bila kuaga. Basi nikaibana kadi kwa makusudi isivute zaidi ya wati 120. Yangu ni RTX 3060, ambayo kawaida yake ni wati 170. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika:

```
nvidia-smi -pl 120
```

Mwendo wa kadi ukashuka, kutoka megahezi 1,800 na kitu hadi chini ya 1,600, picha zikawa nzito kidogo, lakini marudio yakaisha bila kuzima. Nikairudisha 170, pap. Hapo ndipo nilipoacha kuishuku gemu na kuanza kuishuku pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Ieleweke kwamba pawasaplai ya kompyuta ya mezani haiambii kadi "punguza, nimechoka". Usipoipunguzia mzigo wewe, inaanguka nao.

Nikaitoa nisome lebo. Kwa herufi kubwa: 600W. Kwa herufi za chungu, mstari wa +12V: 18A. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Huo ndio mstari unaolisha kadi na prosesa. Kadi yangu 170, na prosesa yangu, Ryzen 5 5600, ikifanya kazi kwa nguvu zote inafika kama 76. Jumla 246, hata feni na diski hatujazihesabu. Zile wati nyingine za kwenye lebo, zile za kweli, ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina njaa kubwa. Ni sawa na kualika watu wa biriani ukawapikia sufuria kumi za chai.

Fundi wa Darajani akachomeka maltimita kwenye waya wa njano na mweusi huku gemu inaenda. Kompyuta ikiwa imetulia, volti 11.9. Mzigo ulipopanda, 11.3, na kipimo kinachokubalika hakishuki chini ya 11.4. "Na hii mita ni mzee," akasema, "mikupuo yenyewe haiwahi kuiona." Kisha akainyanyua ile pawasaplai kwa kidole kimoja, akampa muuza samaki wa jirani aiweke kwenye mizani. Haikufika kilo, pweza aliyekuwa pembeni aliishinda. Transfoma na vipooza joto vya maana vina uzito wake. Nilitaka kuifungua nione ndani, akanipiga kofi la mkono: kapasita zake zinaweza kubaki na moto wa kuua hata waya umeshachomolewa.

Nikanunua ya wati 550, yenye cheti cha kutopoteza umeme mwingi cha 80 Plus Bronze, na ampea 45 kwenye +12V. Namba kubwa ya mbele ni ndogo kuliko ile ya zamani, ila hizi ni wati 540 za mahali zinapohitajika. Waya wa kadi nikautoa moja kwa moja kwenye pawasaplai, ile adapta ya molex iliyokuwa ikiilisha zamani nikaitupa.

Usiku ule haikuzima hata mara moja. Nilifungwa saba bila, na marudio yote saba tuliyatazama mpaka mwisho, Bibi akiomba lile la nne lirudishwe.