Tangazo linasema friji, ukurasa unaonyesha televisheni

Inaudhi kuona duka la Kariakoo linalipia tangazo la Google lenye maneno "Friji ya milango miwili, lipa kwa awamu 3", halafu mteja akibofya anatupwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Juu kuna picha za televisheni zinazozunguka, chini yake historia ya kampuni kwa Kiingereza, na habari ya awamu haipo popote. Mteja anarudi nyuma, anabofya tangazo la duka jingine. Baadaye mwenye duka anaambiwa soko ni gumu. Soko halina kosa hapo!

Chukulia tangazo hilo limebofywa mara 200, kila mbofyo TSh 400. Hiyo ni TSh 80,000. Ikiwa ziara 150 zimeishia papo hapo, Bounce rate, yaani asilimia ya ziara zinazoishia papo hapo, ni 75%, na TSh 60,000 zimekwenda kwa watu ambao hawakuiona hata bei. Tangazo likiandikwa vizuri zaidi hasara inaongezeka, maana linawavuta wengi zaidi kuja kutafuta kitu ambacho ukurasa hauna.

Kuna jambo linaelezwa vibaya sana, kwamba Google inashusha alama kwa sababu ya Bounce rate. Quality Score, ile ya 1 hadi 10, hutolewa kwa kila neno kuu, yaani neno la utafutaji ulilochagua litokeze tangazo lako, na ina sehemu tatu: Expected CTR, uwezekano wa tangazo kubofywa, Ad relevance, jinsi tangazo linavyolingana na anachotafuta mtu, na Landing page exp., ubora wa ukurasa anaotua. Kila sehemu inapewa Below average, Average au Above average, kwa kulinganishwa na watangazaji wengine waliotokea kwa neno hilohilo ndani ya siku 90 zilizopita. Bounce rate haimo humo. Ni kipimo cha Google Analytics. Vipimo viwili hivi mara nyingi vinaharibika pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja, ukurasa usiotimiza ahadi ya tangazo. Na Quality Score yenyewe haiingii kwenye mnada ambao Google hutumia kuamua tangazo lipi litokee na kwa bei gani, inakuonyesha tu tatizo liko wapi. Kinachoingia ni tathmini ya ubora inayofanyika kila mtu anapotafuta, na ukurasa unahesabiwa humo. Ubora ukiwa duni, unalipa zaidi kwa nafasi ileile au tangazo halitokei kabisa.

Fungua orodha ya maneno makuu kwenye Google Ads uongeze safu zile tatu. Ukikuta Expected CTR na Ad relevance ni Above average lakini Landing page exp. ni Below average, tangazo limefanya kazi yake na ukurasa umeiangusha.

Sawa, huenda ukurasa ni mzito tu, na kasi ni tatizo la kweli. Ila linapimika. Nenda ripoti ya Landing page kwenye Analytics, ulinganishe wanaotoka google / cpc, yaani waliobofya tangazo, na wanaotoka google / organic, yaani waliobofya matokeo ya kawaida ya Google, kwenye ukurasa uleule, wote wa simu. Wote wakitoka upesi, anza na kasi na ukurasa wenyewe. Wakitoka wa tangazo peke yao huku wengine wakibaki, shuku ahadi ya tangazo kwanza.

Dawa yake ni kuandaa ukurasa wa friji za milango miwili pekee. Kichwa chake kirudie maneno ya tangazo kwa lugha ileile. Tangazo la Kiswahili lisimpeleke mtu kwenye Kiingereza. Kabla mteja hajasogeza kidole, aone bei, kiasi cha awamu ya kwanza, tarehe za awamu mbili zinazobaki na kitufe cha WhatsApp. Kama awamu zinahitaji mdhamini au barua ya mwajiri, iandikwe hapohapo. Kuificha mpaka mtu apige simu ni kumpotezea muda wake na wako.

Kisha tenganisha makundi ya matangazo. "Friji ya milango miwili", "friji ya mtumba" na "fundi friji" hayawezi kutumia tangazo moja. Kila hitaji lipate kundi lake, tangazo lake na ukurasa wake, na "fundi" liwekwe kwenye maneno ya kuzuia kama hutengenezi friji. Kagua pia Final URL ya neno kuu, yaani anwani ya ukurasa anaopelekwa mtu, kwa sababu ikiwepo ndiyo inayofuatwa badala ya ile ya tangazo. Watu hubadilisha ya tangazo, wakashangaa wateja bado wanatua kwenye ukurasa wa zamani.

Ukurasa wa mwanzo unafaa kwa aliyetafuta jina la duka. Basi.

Halafu WhatsApp. Analytics huhesabu kwamba mtu ametoka papo hapo ikiwa hakuzidisha sekunde 10, hakufungua ukurasa wa pili, wala hakufanya tukio lililowekwa kuwa key event, yaani tukio ulilolitia alama kuwa ni muhimu kwa biashara yako. Mteja aliyeona bei akagusa WhatsApp ndani ya sekunde 6 anaingia kwenye hesabu hiyo, ilhali ndiye uliyekuwa ukimtafuta. Tengeneza tukio jipya lenye masharti haya, ulipe jina lako:

```
event_name equals click
link_domain contains wa.me
```

Kisha liweke kuwa key event kabla hujabadilisha ukurasa, ili namba za kabla na za baada zipimwe kwa kipimo kimoja.