Mita moja, kaya nne: nani analipia daraja la juu?

Watetezi wa bili ya maji ya madaraja, ambayo bei ya uniti hupanda kadiri unavyotumia zaidi, wana hoja nzito. Uniti za mwanzo, yaani maji ya kunywa, kupika na kuoga, huuzwa bei nafuu. Anayejaza bwawa la kuogelea analipia daraja la juu. Ada ya kila mwezi nayo ina sababu yake: mabomba, pampu na mishahara hugharimu karibu kiasi kilekile hata mkifunga bomba mwezi mzima.

Taabu huanza kiwango cha chini kinapoongezwa juu ya ada hiyo. Tuchukue bei za kubuni: ada 100, uniti 6 za kwanza kwa 20 kila moja, kuanzia ya 7 hadi ya 20 kwa 40, zinazozidi kwa 80. Uniti moja ni lita 1,000. Kila kaya hutozwa angalau uniti 6, itumie isitumie. Bibi anayeishi peke yake akatumia uniti 2 analipa 220, sawa na 110 kwa uniti. Jirani mwenye uniti 15 analipa 580, kama 39 kwa uniti. Ngazi iliyowekwa kumlinda mtumiaji mdogo imemgeuka. Mamlaka itasema inahitaji mapato ya uhakika, na ni kweli, lakini ada ilishafanya kazi hiyo. Kwangu mimi, hapa mteja anatozwa mara mbili kwa jambo lilelile.

Kwenye nyumba ya kupanga hesabu inakuwa ngumu zaidi. Kaya nne zenye mita moja, kila moja ikatumia uniti 6, hufikisha 24. Mfumo ukiziona kama mteja mmoja, bili ni 100, kisha 120, 560 na 320: jumla 1,100. Zingekuwa na mita zao zingelipa 880, tena na ada nne ndani yake. Hakuna aliyefuja maji, ila daraja la juu limewakuta.

Dawa inayopendekezwa ni kuzidisha upana wa madaraja kwa idadi ya kaya. Nzuri, ila ada na kiwango cha chini navyo huzidishwa. Chumba kimoja kikibaki kitupu na matumizi yakashuka hadi uniti 18, bili ya kaya nne inabaki 880, ilhali kwa hesabu ya mteja mmoja ingekuwa 700. Wakihesabiwa watatu waliopo, ni 660.

Kwa hiyo kabla ya kugombana na msoma mita, tazama kama bili inaonyesha idadi ya kaya, na idadi hiyo iliandikwa lini. Mita inasomwa kila mwezi. Idadi ya kaya aghalabu hubaki ileile ya siku mita ilipofungwa, na mpangaji akihama hakuna anayekwenda kuibadilisha.