Kipindi Kinaposoma -16 LUFS na Mgeni Bado Hasikiki

Wanaotaka vipindi vyote vya podikasti vilingane kwa ukubwa wa sauti wana hoja ambayo ni vigumu kuipinga. Mtu anayesikiliza vipindi vitatu mfululizo, simu ikiwa mfukoni, hapaswi kuitoa kila kipindi kipya kinapoanza. Apple Podcasts inapendekeza kipindi kizima kiwe karibu na -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi, kikizidi au kupungua kwa desibeli 1 tu, na vilele vyake, yaani pale sauti inaporuka juu kabisa, visivuke desibeli -1. Mtayarishaji anayejitetea kwa kusema kwamba msikilizaji ana kitufe cha sauti anajitetea vibaya, na sina la kumsaidia.

Wapo hata hivyo wahariri wanaosita kuikabidhi programu kazi hii, nao hudhaniwa kuwa wavivu au watu wa mambo ya kizamani. Wengi wao hawapingi vipindi kulingana. Wanachokataa ni dhana kwamba namba ya mwisho ikishalingana, sikio nalo limetosheka, na hapo nadhani wanaona kitu ambacho wenye haraka ya kupakia hawakioni.

Ili kukiona, inafaa kuangalia namba hiyo inavyopatikana. Kanuni ya BS.1770, iliyotolewa mwaka 2006 na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huipima sauti kwa kuzingatia namna sikio linavyoipokea, kisha hutoa wastani wa nishati kwa kipindi kizima. Tangu marekebisho ya 2011, rekodi hukatwa vipande vya milisekunde 400 vinavyopandana, na vipande hivyo hupitishwa kwenye lango. Vilivyo chini ya -70 LUFS huachwa, wastani wa awali hupatikana, kisha kila kipande kilicho chini ya wastani huo kwa zaidi ya desibeli 10 nacho huachwa. Nia ilikuwa njema, yaani kuzuia ukimya usishushe kipimo cha kipindi chenye mapumziko mengi.

Sasa tuchukue mahojiano ya kawaida. Mtangazaji ana maikrofoni nzuri na sauti yake inasoma -16. Mgeni amepigiwa simu, naye anasoma -24. Kila mmoja amezungumza nusu ya muda. Kwa kuwa wastani ni wa nishati, mwenye sauti kubwa huuvuta zaidi upande wake, na kipindi kizima kinasoma takriban -18.4. Programu inakipandisha kwa desibeli 2.4 ili kifike -16. Mtangazaji sasa yuko -13.6 na mgeni -21.6. Kipindi cha wiki iliyopita, ambacho wazungumzaji wote wawili walikuwa -16, nacho kinasoma -16. Kwa karatasi vipindi hivi viwili ni sawa kabisa, lakini msikilizaji anayetoka kile cha wiki iliyopita na kuingia hiki cha mgeni wa simu anampata mtangazaji yule yule akiwa amepanda kwa desibeli 2.4, na dakika moja baadaye anaongeza sauti ili amsikie mgeni. Mtangazaji akirudi na swali, kitufe kinaguswa tena.

Hali huwa mbaya zaidi tofauti inapokuwa kubwa, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Tuseme mgeni amekaa mbali na simu yake, sauti yake ikasoma -30, huku mtangazaji akibaki -16. Wastani wa awali unakuwa karibu -18.8, kwa hiyo lango linasimama karibu -28.8. Sehemu kubwa ya maneno ya mgeni iko chini ya hapo. Lango lililowekwa kwa ajili ya ukimya linamhesabu mgeni kuwa ukimya, kipimo kinabaki karibu -16, na programu haina cha kurekebisha. Kipindi ambacho nusu yake haisikiki kinapita mtihani kwa alama zote.

Wanaotetea programu watajibu kwamba zipo zinazofanya zaidi ya kupandisha kipindi kizima kwa kiasi kimoja: husikiliza njiani, zikainua palipo chini na kushusha palipo juu. Ni kweli, na kwa mtu anayetoa vipindi peke yake bila mhariri, msaada huo si mdogo. Lakini programu haijui kama palipo chini ni maneno ya mgeni au ni feni ya chumba. Mtangazaji akinyamaza kidogo kutafuta swali, mvumo wa chumba hupanda taratibu, kisha huzama ghafla neno la kwanza linapotoka. Ukiusikia mara moja, hutaacha kuusikia.

Mtu anaweza pia kuingia katika hali hiyo bila kuichagua. Chukua kipindi kinachosoma -26, kilele chake cha juu, pengine kicheko, kikiwa desibeli -6. Kukifikisha -16 kunahitaji nyongeza ya desibeli 10, na kicheko kitafika +4, ilhali mpaka ni -1. Desibeli 5 lazima zipondwe mahali fulani. Kichujio cha `loudnorm`, kinacholinganisha sauti ndani ya programu ya `ffmpeg`, hata kikiombwa kipandishe kwa kiasi kimoja tu, kitaliacha ombi hilo na kuanza kuinua na kushusha njiani, bila kumsimamisha mtumiaji. Anayetaka kujua asome neno `normalization_type` katika majibu ya mzunguko wa pili, ule unaorekebisha baada ya wa kwanza kupima: likiwa `dynamic` badala ya `linear`, uhusiano wa sauti ndani ya kipindi umeshaguswa.

Kwa sababu hiyo naona wahariri wanaositasita wana haki zaidi kuhusu mpangilio wa kazi. Kila sauti ipimwe peke yake kwenye rekodi yake kabla ya kuchanganywa, kwa kipimo cha muda mfupi cha sekunde 3. Mvumo wa mgeni upunguzwe kwanza, kwa sababu kumwinua kwa desibeli 8 ni kuinua na chumba chake kwa desibeli 8. Kisha sauti zilinganishwe, vilele vichache vidhibitiwe kwa mkono, na kipindi kizima kifikishwe -16 mwishoni kabisa, wakati ambapo kuna kazi ndogo sana iliyobaki. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho, amri moja ya kupima inatosha:

```
ffmpeg -i kipindi.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1:LRA=11:print_format=json -f null -
```

Wengi husoma `input_i`, ambayo ni namba ya kipindi kizima, na kuishia hapo. Mstari wenye faida zaidi ni `input_thresh`, kwa sababu unaonyesha lango limesimama wapi. Sauti ya mgeni ikipimwa peke yake na kukutwa chini ya namba hiyo, basi `input_i` inamzungumzia karibu mtangazaji tu.

Upande wa pili una ushindi mmoja ambao siwezi kuunyima, nao ni vipindi vya zamani. Mtayarishaji mwenye mamia ya vipindi ambavyo sauti zote zimeshachanganywa kwenye faili moja hana rekodi ya mgeni ya kurudia, na kupita kila jibu kwa mkono ni kazi ya miezi. Hapo, kuvipandisha au kuvishusha, kila kipindi kwa kiasi chake kimoja, bila kugusa kilichomo ndani, kunamwondolea msikilizaji mshtuko wa kutoka -12 kwenda -26. Mgeni atabaki chini kama alivyokuwa. Vile ambavyo vilele havina nafasi ya kupanda, ningeviacha -19 au -20 kuliko kuponda vicheko ili namba zilingane.