Imla ya mdundo: usiandike noti mapema

Mwalimu anapiga mdundo wa pigo nne mara tatu, na wanafunzi wengi huanza kuchora noti hapo hapo kwenye mara ya kwanza. Mimi naona huko ndiko wanakoharibu. Mkono ukiwa kwenye noti ya pili, sikio limeshapoteza zile za mwisho.

Mara ya kwanza piga mguu tu, uhakikishe mapigo ni mangapi. Mara ya pili, kila pigo ligawe vipande vinne kichwani kwa silabi zile za walimu wa kwaya, ta-fa-te-fe, kisha weka alama pale sauti inapoanza. Sauti inaishia wapi, hilo achana nalo kwanza. Kwenye piano sauti hufifia yenyewe, kwa hiyo mwisho wake hudanganya. Mara ya tatu ni ya yale mapigo yaliyokutia shaka tu.

Tuseme umepata hivi:

```
1     2     3     4
x--x  x-x-  --x-  x---
```

Pigo la kwanza lina sauti ya robo tatu ya pigo na ya robo pigo. La pili lina nusu mbili. Mtego uko pigo la tatu: mguu unashuka, lakini hakuna sauti mpya. Sauti iliyoanza katikati ya pigo la pili bado inaendelea, na mpya inakuja kwenye "te". Asiyegawa pigo huisogeza ile sauti hadi mguu unaposhuka, kisha anajikuta na nusu pigo asiyojua pa kuiweka.

Kwenye nota za sol-fa za kwaya zetu, kistari kinalisema jambo hili waziwazi:

```
| d.,d :d.d | -.d :d |
```

Ukiandika kwa noti za mistari, usiunganishe nusu ya mwisho ya pigo la pili na nusu ya kwanza ya pigo la tatu kuwa noti moja ya pigo zima. Andika nusu mbili na uzifunge kwa upinde, ili anayesoma aone pigo la tatu, yaani katikati ya kipimo, linapoanzia. Wapo wanaosema huo ni urembo tu. Wampe mwimbaji asome bila mazoezi, waone.

Hata hivyo, vipande vinne havitoshi kila mahali. Ukisikia sauti ndefu na fupi ndani ya pigo moja, endelea kutamka ta-fa-te-fe chini yake. Ile fupi ikiangukia "fe" sawasawa, ni robo tatu na robo. Ikikutangulia, ikatua kati ya "te" na "fe", pigo hilo limegawanywa vipande vitatu. Na kama kila pigo linafanya hivyo, kama kwenye chakacha, futa vipande vinne kabisa uanze upya na vitatu.