Mwaka wa Ishirini Unahesabiwa Kutoka Wapi?

Chama chetu cha msingi cha ushirika kinafungua mwaka wake wa ishirini, nami nimepewa kazi ya kuandika hotuba ya mwenyekiti. Nimeagizwa nitaje historia na waasisi kwa dakika tano, kisha mkutano mkuu uendelee na hesabu. Jambo la kwanza nililolazimika kulieleza kwenye bodi ni kwamba anayefungua mwaka wa ishirini ametimiza miaka kumi na tisa, kwa hiyo ile bendera iliyokwisha kuandikwa "Miaka 20" ingefaa isubiri mwaka mwingine. Hilo lilieleweka upesi. Lililotuchelewesha ni swali la pili, yaani tuanze kuhesabu kutoka siku gani, na maoni yangu ni kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani aitwe mwasisi na nani asahaulike.

Tazama KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kiliandikishwa mwaka 1933, baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika kupitishwa mwaka 1932. Ukihesabu kutoka hapo, mwaka wake wa ishirini ni 1952. Lakini wakulima hao walikuwa wamekwisha kujiunga tangu 1925 katika chama cha KNPA, ambacho rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Na ukianza na mwaka huo, wa ishirini unakuwa 1944. Tena kuna tarehe ya tatu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukapitia vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na KNCU ikaandikishwa upya ikiwa na mwaka 1984 ndani ya jina lake. Kwa cheti hicho, mwaka wa ishirini ni 2003. Ni kahawa ya mlima uleule, na kwa sehemu kubwa ni familia zilezile, lakini sherehe tatu zingeweza kufanyika kihalali katika miaka tofauti, na kila moja ingekuwa na waasisi wake.

Katibu hupenda tarehe ya cheti kwa sababu haina ubishi, na ninamwelewa. Hata hivyo, cheti huonyesha siku ambayo serikali ilikitambua chama, nacho hakisemi lolote juu ya waliokutana kabla ya siku hiyo. Hotuba inayoanza mwaka 1933 humfanya msikilizaji aamini kwamba ushirika wa Kilimanjaro ulizaliwa na sheria ya kikoloni na kukuzwa na meneja Mwingereza, A.L.B. Bennett. Bennett alifanya kazi kubwa, na haifai kumfuta. Ila aliwakuta wakulima waliokwisha kujifunza kuuza pamoja, tena mbele ya upinzani wa walowezi ambao hawakutaka Wachagga walime kahawa kwa wingi.

Kwa nini basi KNPA huachwa? Nadhani ni kwa sababu mwisho wake haukuwa mzuri. Bei ya kahawa iliporomoka, chama kikaingia katika shida za fedha, na uongozi wa Merinyo ukaandamwa na lawama. Mwandishi wa hotuba ya sherehe huogopa aya kama hiyo, naye huona ni heri airuke. Mimi naona sentensi mbili zinatosha kuibeba. Kama ningeandika hotuba ya KNCU ya kufungua mwaka 1952, ningeianza hivi:

"Wazee wetu na ndugu wanachama, leo tunafungua mwaka wa ishirini tangu chama hiki kiandikishwe, lakini kuuza kahawa yetu pamoja tulianza mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais wa KNPA. Chama kile kilishindwa na madeni na mafarakano, na waliokijenga ndio waliotuachia njia tuliyoifuata mwaka 1933."

Baada ya hapo ningetaja vyama vya msingi vilivyoungana mwanzoni, kila kimoja kwa jina la mahali pake, kisha nikanyamaza.

Kwa chama chetu nimefanya vivyo hivyo. Sikuanza na cheti. Nilikwenda kwenye daftari la zamani la michango, ambalo kurasa zake za mwanzo zina tarehe zinazotangulia usajili kwa miezi kadhaa. Baadhi ya majina yaliyomo hayamo katika orodha iliyopelekwa kwa Mrajisi, kwa kuwa wenyewe walihama au walifariki kabla fomu hazijajazwa. Hesabu ya mwaka wa ishirini tumeiacha kwenye tarehe ya usajili, maana kumbukumbu zetu zote zinaifuata. Majina, lakini, yatasomwa kutoka kwenye daftari.