Riba ya 23 au ya 45.5?

"Mwaka 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 30, Benki ya Uganda ikaishia riba ya 23. Kwani kanuni ya Taylor haikudai zaidi?"

Ilidai zaidi, tena karibu mara mbili. Kanuni hiyo ya kukadiria riba ya benki kuu, aliyoitoa mchumi John Taylor mwaka 1993, ni hii:

```
i = r + π + 0.5(π − π*) + 0.5y
```

Hapo i ni riba ya sera, yaani ile inayopangwa na benki kuu, r ni riba halisi ya uchumi uliotulia, π ni mfumuko wa bei, na π* ni lengo la mfumuko, ambalo kwa Uganda ni 5. Herufi y ni pengo la uzalishaji, yaani asilimia ambayo uchumi umezidi au umepungukiwa uwezo wake. Nachukua r kuwa 3, kwa makadirio yangu, na y kuwa 0:

```
i = 3 + 30 + 0.5(30 − 5) + 0 = 45.5
```

Riba ya sera ilianza kutangazwa Julai 2011 ikiwa 13, na kufikia Novemba ilikuwa 23. Muulizaji ana hoja: ukitoa 30 kwenye 23 unabaki na hasi 7. Aliyekopa kwa riba hiyo alilipa chini ya kasi ya bei, na mkopo wa namna hiyo haumzuii mtu kununua.

Lakini ile 30 inapima miezi 12 iliyopita. Sehemu yake ilitokana na ukame uliopandisha bei ya vyakula, na shilingi iliyoanguka. Riba haileti mvua, na makali yake huchukua mwaka au zaidi kuonekana. Wengi kwa hiyo huweka kwenye π mfumuko unaotarajiwa mbele. Tujaribu 15:

```
i = 3 + 15 + 0.5(15 − 5) + 0 = 23
```

Ndiyo 23 yenyewe. Sisemi Benki ilipiga hesabu hii. Nasema riba yake inaeleweka ukiamini mfumuko ungepoa kwa nusu. Mwishoni mwa 2012 mfumuko ulikuwa umerudi karibu na lengo, ingawa chakula na shilingi navyo vilisaidia, hivyo riba peke yake haiwezi kujitwalia sifa zote.

Mimi naegemea 23. Mabenki huongeza faida yao juu ya riba ya sera, na kwa 45.5 mwenye duka Kikuubo, Kampala, angekopa kwa zaidi ya 50. Ila njia hii ina mtego: kila pointi ya makadirio husogeza jibu kwa 1.5, kwa hiyo anayetaka riba nafuu anaweza kupunguza makadirio tu. Dalili yake ni makadirio yanayokosea upande uleule, robo baada ya robo.

Pengo y, ambalo wachumi hubishania zaidi, halikuwa na uzito huo. Hata ungesema uchumi ulipungukiwa kwa asilimia 2, riba ingeshuka kwa pointi 1 tu, kutoka 23 hadi 22.